Sifa ya Tundu la Chini

Wauza maua wa kando ya barabara, iwe Dar es Salaam au Nairobi, hupanga vyungu mbele na miche nyuma, nao wanaijua biashara yao. Mteja huvutwa kwanza na chungu, hasa kile cha buluu kinachometameta juani, kisha ndipo hutafuta mmea wa kukitia ndani. Mimi huwahusudu wale wachache wanaofanya kinyume. Hushika mche, huyatazama majani yake, huuliza unapenda maji kiasi gani, halafu ndipo husogea kwenye vyungu. Ufundi wao haumo katika kuchagua rangi. Umo katika swali moja: maji nikiyamimina juu, yatatokea wapi?

Chungu cha udongo hulijibu swali hilo kwa njia mbili. Maji hutoka kwa tundu la chini, na pia hutoka ubavuni. Aliyekulia nyumba yenye mtungi wa maji ya kunywa analijua jambo hili: mtungi hutoa jasho, jasho hukauka kwa upepo, na maji ya ndani yakapoa. Mtungi ungekuwa wa plastiki, maji yangebaki na joto la chumba. Kitendo hichohicho ndicho kinachoendelea ukijaza chungu cha udongo mboji na kupanda mshubiri. Unyevu hupenya ukutani, huondoka na hewa, na mizizi hupumua. Kwa mshubiri, kwa mkonge wa mapambo na kwa jamii yote ya dungusi, hiyo ni neema, maana mimea hii hufa zaidi kwa kunyweshwa kuliko kwa kiu. Kwa mmea wa majani mapana na mororo uliowekwa kwenye baraza yenye upepo huko Dodoma, ni adhabu. Utamwagilia asubuhi, na jioni utaukuta umelegea.

Jasho hilo lina mabaki yake. Baada ya miezi kadhaa utaona unga mweupe ukitanda nje ya chungu, na mzito zaidi kwenye ukingo wa juu. Ni chumvi za maji ya kisima na za mbolea, zilizobaki baada ya maji kukauka. Ubavuni hazina neno. Ukingoni ni habari nyingine, nami nitarudi hapo. Na chungu kipya cha udongo kisipandwe kikiwa kikavu. Kizamishe majini usiku mmoja kwanza, la sivyo ukuta wake utayanywa maji yote ya siku ya kwanza kabla ya mche kuyaonja.

Plastiki sina mengi ya kuisema, ingawa ndiyo inayobeba bustani nyingi za mijini. Ni nyepesi, ni ya bei ndogo, haivuji ubavuni, na hata galoni la mafuta ya kula lililokatwa shingo hulea mchicha na sukuma wiki bila malalamiko. Udhaifu wake ni jua. Chungu cheusi kikipigwa na jua la mchana, upande mmoja wa udongo huchemka na mizizi ya upande huo hukauka. Miaka ikipita plastiki hupauka na kuvunjika mkononi. Lakini kivulini, mikononi mwa mtu mwenye shughuli nyingi asiyeweza kumwagilia kila siku, plastiki ni chombo cha heshima kuliko tunavyopenda kukiri.

Chungu cha kauri chenye ngozi ya kioo kina uzuri wa udongo na tabia ya plastiki. Fundi hukipaka mchanganyiko wa unga wa madini, na moto mkali wa tanuri huuyeyusha ukawa kioo kilichoshikamana na ukuta. Hapo ukuta hautoi tena jasho. Kwa hiyo anayehamisha mmea kutoka chungu cha udongo kwenda cha kauri, huku akiendelea na ratiba ileile ya kumwagilia, anauzamisha bila kujua. Kuna pia vile vya kung'aa vya uongo, vya udongo wa kawaida vilivyopakwa rangi ya mafuta. Tazama kitako chake. Cha kauri huachwa kitupu chini, na ngozi yake huishia kwa ukingo safi. Cha rangi utakiona kimetapakaa michirizi, na ukikwaruza kwa ukucha, rangi hutoka. Hicho hakitadumu: maji yatapenya kutoka ndani, yataisukuma rangi, nayo itafanya malengelenge na kubanduka kabla masika mbili hazijapita.

Sasa shida yenyewe. Vyungu vizuri kuliko vyote mara nyingi havina tundu. Vingine vimetengenezwa ili vikae mezani visilowanishe fanicha. Vingine havikukusudiwa maua kabisa, kama vyungu vya akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kwenye ufuo wa Ziwa Nyasa, ambavyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi mnadani upande wa Matema, vyungu vya kupikia na kuwekea maji ambavyo watu wa mjini wameamua ni vya maua. Mfinyanzi hana kosa. Chungu cha maji chenye tundu ni kichekesho.

Dawa iliyozoeleka ni kuweka kokoto au mkaa chini, udongo juu, kwa imani kwamba maji ya ziada yatashuka kwenye kokoto na kuiacha mizizi salama. Haiwi hivyo. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe mpaka ijae, kisha ishike ikiwa imelala. Itadondosha maji, halafu itaacha, ingawa sehemu yake ya chini bado imejaa tepetepe. Isimamishe kwa upande wake mrefu, na maji yataanza kudondoka tena. Ndivyo udongo ulivyo. Matundu yake madogo hushikilia maji, na tabaka la chini hubaki limelowa hata pale ambapo njia ya kutokea ipo wazi. Maji hayatoki kwenye matundu madogo ya udongo kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake umejaa kabisa. Kwa hiyo kokoto haiondoi tabaka lile lililolowa. Hulipandisha juu tu, karibu zaidi na mizizi, na chini yake hutengeneza dimbwi lisiloonekana. Dalili zake huwapotosha wengi: majani hulegea kama ya mmea wenye kiu, mwenye nyumba huongeza maji, na siku anapoung'oa mche hukuta mizizi ya kahawia inayochubuka kwa vidole na harufu ya mayai viza.

Nichukue mmea mmoja tuone. Urujuani wa Usambara ni ua la kwetu. Mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi la Saintpaulia. Leo linakaa kwenye madirisha ya dunia nzima. Kwao hukua kivulini, juu ya miamba yenye unyevu na udongo haba, mahali ambapo maji hupita bila kukaa. Ndiyo maana linataka unyevu wa kudumu lakini halivumilii kuogelea.

Watu wengi wangelipa chungu cha udongo, kwa kuwa ndicho cha asili. Wanaolilea kwa bidii huchagua plastiki, na sababu ni ule unga mweupe wa ukingoni. Majani ya urujuani yana vikonyo vyenye maji mengi ambavyo hulala juu ya ukingo wa chungu. Chumvi huviunguza, navyo huoza pale pale vilipogusa. Kipimo chao ni kwamba upana wa chungu uwe theluthi ya upana wa majani. Mmea ulioenea sentimita 30 unatosha kwenye chungu cha sentimita 10, kifupi.

Tuseme basi umepewa zawadi ya chungu cha kauri cha buluu kisicho na tundu, upana wa ndani sentimita 14, kina 15. Usipande humo. Panda urujuani kwenye chungu cha plastiki cha sentimita 10 chenye matundu, kwa mchanganyiko mwepesi: mboji kidogo, na vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa chumvi yake, pamoja na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi. Kabla ya kujaza, pitisha kamba nyembamba ya nailoni kwenye tundu moja, uizungushe mara moja chini ndani, na uache ncha ya urefu wa kiganja ikining'inia nje. Iwe nailoni, kwa sababu pamba huoza. Mwagilia kwa juu mara ya kwanza ili kamba ilowe, maana utambi mkavu hauvuti. Sasa weka kopo fupi ndani ya kile cha buluu, kimo cha sentimita 5, simamisha chungu cha plastiki juu yake, na mimina maji ya kina cha sentimita 3. Maji yasikiguse kitako cha chungu cha ndani. Yaiguse kamba peke yake. Ukosefu wa tundu uliokusumbua umegeuka hifadhi ya maji, na mmea unajinywesha kwa kiasi chake.

Mpango huu una masharti. Mara moja kwa mwezi chungu cha ndani kitolewe na kumwagiliwa kwa juu mpaka maji yatoke kwa wingi, ili chumvi ioshwe. Na maji ya chini yamwagwe yote kila wiki na chombo kisuguliwe. Dar es Salaam iliingiliwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeileta hutaga kwenye maji machache tu ya majumbani. Yai lake huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Usimjengee kitalu sebuleni. Mshubiri nao usiupe utambi hata kidogo. Wenyewe unataka ukauke kati ya kinywaji na kinywaji, kwa hiyo uwe kwenye chungu cha ndani, cha nje kikiwa kikavu, utolewe kumwagiliwa sinkini, uchuruzike nusu saa, ndipo urudishwe.

Kwa mti mkubwa wa baraza, chungu ndani ya chungu hakiwezekani, na hapo dawa ni drili. Kipindue chungu juu ya mchanga au blanketi, bandika selotepu pale utakapotoboa ili biti isiteleze, na zima mpigo wa nyundo. Udongo wa kawaida unatobolewa na biti ya zege kwa mwendo wa polepole. Kauri inataka biti ya almasi ya kutobolea vigae, na mtu wa pili wa kudondosha maji bila kukoma, maana joto ndilo linalopasua. Usikandamize. Kinachovunja vyungu ni haraka ya sekunde za mwisho, biti inapokaribia kutokea upande wa pili.

Njia iliyo rahisi kuliko zote, hata hivyo, hupatikana kwa mfinyanzi mwenyewe. Udongo ukiwa bado mbichi, tundu la unene wa kidole gumba hutobolewa kwa kijiti, kwa muda usiozidi wa kusalimiana. Ukiagiza chungu cha maua, mwambie ni cha maua kabla hajakichoma, na kikiwa kipana kuliko beseni, muombe matundu matatu.