Namna ya Kupima Ubora wa Msimbo Unaojenga Stringi Ndefu

Programu mbili zinaweza kutoa jibu lile lile, herufi kwa herufi, moja ikapita na nyingine ikarudishwa na maandishi `TIME LIMIT EXCEEDED`. Anayetaka kujua ipi imeandikwa na mtu anayeijua kazi yake asianze na hesabu zilizomo. Aanze na mstari mmoja ulio ndani ya kitanzi, pale jibu linapoongezewa kipande kipya. Mwongozo huu unaeleza nini cha kutazama katika mstari huo. Lugha tutakayoitumia ni Java, kwa kuwa ndiko tatizo hili linakoonekana wazi zaidi.

Swali la kupimia

Mkusanyiko wa mazoezi wa CSES una swali liitwalo Permutations. Unapewa namba n, nawe unatakiwa kuzipanga namba zote kuanzia 1 hadi n bila namba mbili zilizo jirani kupishana kwa 1. Mbinu yake ni nyepesi: andika shufwa zote kwanza, kisha witiri zote. Kwa n = 4 utapata 2 4 1 3. Ni n = 2 na n = 3 tu zisizo na jibu.

Ugumu umejificha kwenye masharti. Hapo n inaweza kufika 1,000,000, na muda unaoruhusiwa ni sekunde 1. Wengi huandika hivi:

```java
String jibu = "";
for (int i = 2; i <= n; i += 2) jibu += i + " ";
for (int i = 1; i <= n; i += 2) jibu += i + " ";
System.out.println(jibu);
```

Ukishaongeza sharti la n = 2 na n = 3, mantiki haina kasoro. Ukiijaribu kwa n = 4 au n = 1,000 inajibu papo hapo. Ukiituma, inafaulu majaribio madogo na kukwama kwenye makubwa.

Kinachotendeka chini ya `+=`

Stringi ya Java ikishaundwa haibadiliki. Kwa hiyo `jibu += i + " "` haiongezi kitu kwenye stringi iliyopo. Java hutenga nafasi mpya kwenye kumbukumbu, hunakili humo stringi yote ya zamani, huweka kipande kipya mwishoni, kisha huitupa ile ya zamani. Ni sawa na karani ambaye kila jina jipya likiletwa hununua daftari jipya na kuyanakili majina yote ya nyuma kabla ya kuliandika hilo moja.

Tupige hesabu. Kwa n = 1,000 jibu zima, pamoja na nafasi kati ya namba, lina herufi 3,893. Kwa wastani kila mzunguko hunakili nusu ya urefu huo, kwa hiyo mizunguko 1,000 hunakili karibu herufi milioni 2. Kwa mashine ya leo hiyo si kazi. Ndiyo maana mwandishi anayejaribu nyumbani kwa namba ndogo haoni dalili yoyote.

Kwa n = 100,000 jibu lina herufi 588,895, na jumla ya kunakili inafika takriban bilioni 29. Kwa n = 1,000,000 jibu lina herufi 6,888,896, na jumla inakaribia trilioni 3.4. Tuseme mashine inanakili herufi bilioni 10 kwa sekunde, kasi ya ukarimu kabisa. Itahitaji karibu dakika 6 kwa kazi iliyopewa sekunde 1. Hapo hatujahesabu muda wa kusafisha kumbukumbu, ambayo kila mzunguko inaachiwa stringi nyingine iliyotupwa, na stringi za mwisho zina megabaiti kadhaa kila moja.

Tazama jinsi namba hizo zinavyopanda. Ingizo likiongezeka mara 10, kazi inaongezeka zaidi ya mara 100. Kompyuta yenye kasi maradufu haitakuokoa, wala kupunguza mistari miwili mitatu ya msimbo.

Kazi nzuri inavyoonekana

Dawa ni bafa: nafasi moja ya kumbukumbu inayokubali kuandikwa, iliyo na akiba ya nafasi tupu mwishoni. Java imekuwa na `StringBuilder` tangu toleo la 5, la mwaka 2004.

```java
StringBuilder jibu = new StringBuilder();
for (int i = 2; i <= n; i += 2) jibu.append(i).append(' ');
for (int i = 1; i <= n; i += 2) jibu.append(i).append(' ');
System.out.println(jibu);
```

Bafa hii huanza na nafasi ya herufi 16. Ikijaa, hutengewa nyingine yenye ukubwa wa mara mbili kuongeza 2, yaani 34, kisha 70, kisha 142, na kuendelea. Yaliyomo hunakiliwa wakati huo wa kuhama tu. Kulifikia jibu letu la herufi 6,888,896 bafa huhama takriban mara 19, na kunakili kote kwa uhamaji huo hakuzidi herufi milioni 9.5. Linganisha na trilioni 3.4. Siri iko kwenye kukua maradufu: kadiri bafa inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyohama kwa nadra zaidi, na gharama ya kila herufi inabaki ndogo hata jibu likirefuka vipi.

Kwa hiyo unaposoma msimbo wa mtu, tafuta mambo matatu. Bafa iundwe mara moja kabla ya kitanzi. Ndani ya kitanzi iongezewe mwishoni tu. Igeuzwe kuwa stringi, au ichapishwe, mara moja baada ya kitanzi. Yote matatu yakiwepo, sehemu hiyo haina la kujibu.

Dawa bandia

Jina `StringBuilder` likionekana kwenye msimbo lisikupumbaze. Tazama mstari huu, ambamo `jibu` bado ni stringi ya kawaida:

```java
jibu = new StringBuilder(jibu).append(i).append(' ').toString();
```

Bafa ipo, lakini inazaliwa na kufa kila mzunguko. Stringi nzima inanakiliwa kuingia kwenye bafa, kisha inanakiliwa tena kutoka. Kabla ya Java 9, hivi ndivyo mkusanyaji wa Java alivyoitafsiri `+=` kimyakimya. Java 9 ilibadilisha njia ya kuunganisha, lakini ndani ya kitanzi kila mzunguko bado unazaa stringi mpya nzima. Anayekuambia kwamba toleo jipya la Java limeliondoa tatizo hili hajalipima.

Bandia ya pili ni `insert(0, x)`. Mwandishi anataka jibu lianzie mwisho kwenda mwanzo, basi anapachika kila kipande mbele. Ili kipande kipate nafasi hapo mbele, herufi zote zilizopo lazima zisogezwe, na tumerudi kule kule. Mjuzi huongeza mwishoni kwa `append`, kisha huita `reverse()` mara moja. Akiwa na namba zenye tarakimu nyingi hafanyi hivyo, maana 12 ingegeuka kuwa 21. Hapo hukiendesha kitanzi chenyewe kinyumenyume.

Bandia ya tatu ndiyo inayojificha vizuri kuliko zote: bafa imewekwa mahali pake, ila ndani ya kitanzi kuna `jibu.toString()` ya kuchungulia herufi ya mwisho. Kila mwito wa namna hiyo hunakili bafa nzima. Kinachofaa ni `jibu.charAt(jibu.length() - 1)`, kinachosoma herufi moja bila kunakili kitu.

Wapo pia wanaoiacha stringi kabisa na kuita `System.out.print` katika kila mzunguko. Huo ni ugonjwa mwingine. Ucheleweshaji wake unatokana na kupeleka vipande vidogo nje mara milioni, na unakua sambamba na n, si kwa mraba wake. Hata hivyo bafa ile ile inautibu.

Namna ya kuthibitisha

Msimbo ukiwa mrefu, macho peke yake hayatoshi. Endesha programu kwa n = 100,000, kisha kwa 200,000, na upime muda wa kila mara. Muda ukiongezeka takriban maradufu au chini ya hapo, ujenzi ni mzima. Ukiongezeka karibu mara nne, kuna kunakili kunakojirudia mahali fulani. Usipime kwa n = 100 na 200, kwani hapo muda wa kuiwasha Java yenyewe utafunika kila kitu.

Jaribio hilo linakuonyesha kwamba tatizo lipo, lakini halikuambii lilipo. Mwenye kazi nyingine ya mraba, kama vitanzi viwili vilivyopachikana, naye atapata mara nne. Ili kutenganisha, acha hesabu zote kama zilivyo na uondoe tu mstari unaoongeza kwenye jibu. Muda ukiporomoka, mkosaji umempata.

Lugha nyingine

Anayehamia C++ asidhani amepona moja kwa moja. Huko stringi inakubali kuandikwa, na `s += x` huongeza mwishoni kama bafa. Lakini `s = s + x`, inayoonekana kuwa na maana ile ile, huunda stringi mpya nzima kila mara. Alama moja inatenganisha programu inayopita na inayokwama.

Kwa Python, utekelezaji wa kawaida, CPython, una ujanja wa kuikuza stringi palepale ilipo, mradi hakuna jina lingine linaloishikilia. Kwa hiyo `+=` mara nyingi hupita, halafu siku moja ukiihifadhi stringi hiyo kwenye orodha au ndani ya kitu, ujanja unakoma. Mwongozo rasmi wa mtindo wa Python, PEP 8, unaonya usitegemewe. Njia isiyobahatisha ni kuweka vipande kwenye orodha na kuviunganisha mwishoni kwa `"".join(vipande)`.

Pasipohitaji bafa

Ujuzi ni pamoja na kujua kuacha. Mstari kama `"Jumla: " + jumla + " sh"` ulio nje ya kitanzi haudai `StringBuilder`. Kuuvisha bafa kunaufanya usomeke vibaya bila faida yoyote. Vivyo hivyo kitanzi ambacho masharti yenyewe yanakihakikishia mizunguko 20. Swali la kuuliza ni moja: stringi hii inaweza kurefuka hadi wapi kwa ingizo kubwa kabisa linaloruhusiwa? Ikiwa jibu ni maelfu mengi ya vipande, `+=` ndani ya kitanzi ni kasoro hata kama majaribio ya leo yote yamepita, na msimbo huo urudishwe kwa mwenyewe kabla ya kutumwa.