Fremu mbili za Mbagala na bajeti ya mwaka wa pili

Bajeti nyingi za vituo vya kusomea huandikwa na watu wanaopenda vitabu, kwa hiyo huanza na vitabu. Mstari wa kwanza ni nakala mia kadhaa, wa pili ni mbao na fundi, halafu kodi ya miezi sita anayoitaka mwenye nyumba mkononi. Fedha zikitosha mistari hiyo mitatu, mlango hufunguliwa. Tatizo ni kwamba karatasi hiyo inaeleza siku ya kufungua tu. Anayetaka kujua kama kituo kitakuwapo baada ya miezi 18 aandike safu mbili: fedha inayotoka mara moja, na fedha inayorudi kudaiwa kila mwaka.

Nichukue fremu mbili zilizovunjwa ukuta wa kati, barabara ya ndani huko Mbagala, wilaya ya Temeke. Wasomaji ni wanafunzi wa msingi na wa sekondari za kata, na vitabu vya kuanzia ni nakala 600. Bei nitakazotumia ni za mfano wa hesabu. Anayeanzisha cha kwake Bunju au Chamazi aweke za mtaani kwake, mtiririko utabaki uleule.

Kwa wastani wa shilingi 8,000 kwa nakala, vitabu 600 ni shilingi 4,800,000. Wastani huo unaficha aina mbili za vitabu zenye maisha tofauti kabisa. Kitabu cha kiada hufa kwa mtaala. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, na waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wanamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, pamoja na darasa la saba la mwisho. Kituo kilichojaza shelfu vitabu vya darasa la saba kimenunua mali yenye tarehe ya kuisha. Kabla ya kulipia kiada chochote, fungua ukurasa wa ndani uone kimeandikwa kwa mtaala upi. Ukinunua vya mitumba au ukipewa msaada wa maboksi, hapo ndipo utapigwa zaidi.

Hadithi za Kiswahili hazifi kwa mtaala, zinakufa kwa mikono. Hapa kuna historia ya kujifunzia. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulikuta wachapishaji wanaogopa kuchapa hadithi za watoto kwa sababu hawakuwa na uhakika wa mnunuzi. Mradi ukawaahidi kununua nakala 3,000 kati ya 5,000 za toleo lililokubaliwa na kuzipeleka kwenye maktaba za shule. Zilizobaki mchapishaji aliziuza madukani. Mnunuzi wa asilimia 60 akijulikana kabla mashine haijawashwa, gharama ya kuandaa kitabu hugawanywa kwa nakala nyingi, na bei ya kila moja inashuka. Kituo kimoja cha Mbagala hakina nguvu hiyo, lakini vituo vitano au sita vinavyoagiza pamoja moja kwa moja kwa mchapishaji huongea naye kwa idadi anayoweza kuipunguzia bei. Ninaona ajabu kwamba vituo hununua kila kimoja peke yake, nakala mbili mbili, kwa bei ya rejareja.

Sasa hadithi hizo nyingi ni vijitabu vya kurasa 24 au 32 vilivyobanwa kwa pini mbili katikati. Jambo hilo dogo huamua aina ya shelfu. Kijitabu cha pini hakina mgongo wa kuandikwa jina. Tuseme 350 kati ya vile 600 ni vya aina hiyo. Ukivisimamisha kwenye ubao vitashika nafasi ndogo sana, lakini mtoto ataona ukuta wa karatasi nyeupe. Atachomoa kumi kutafuta kimoja na kurudisha vimepinda. Vinahitaji kutazamana na msomaji kwa jalada. Pigia hesabu sentimita 16 kwa kila jalada: majalada 60 ni takribani mita 10 za ubao mwembamba wenye kizuizi mbele, na nyuma ya kila jalada kuna nafasi ya vijitabu sita hivi. Vyote 350 vimeenea.

Vile 250 vinene vilivyobaki vinasimama kawaida. Kwa unene wa sentimita mbili na nusu, mita moja inabeba 40, kwa hiyo vinataka mita sita na kitu. Mwagize fundi mita nane, yaani shelfu mbili za mbao tano zenye urefu wa sentimita 80 kila ubao, maana shelfu iliyojaa haikubali kitabu kipya wala haimruhusu mtoto kurudisha cha zamani. Urefu huo wa sentimita 80 usiuachie fundi auamue. Mita moja ya vitabu vinene inaweza kufika kilo 25 hadi 30, na ubao wa paini wa inchi moja ukirefushwa hadi mita moja na nusu bila nguzo utabonyea katikati ndani ya mwaka. Fundi wa Keko anayezoea makabati ya nguo hatakuwa amekosea, kwa kuwa nguo hazina uzito huo. Mwambie pia ubao wa chini uinuke angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, na shelfu isimame vidole vitatu mbali na ukuta. Mvua za masika zikiingia mlangoni, au mchwa wakipanda ukutani, utaviona kabla havijafika kwenye karatasi. Shelfu, meza na mabenchi nayapangia shilingi 2,000,000.

Safu ya kwanza basi ni shilingi 6,800,000. Ya pili ndiyo nzito.

Kodi ya fremu mbili kwa 120,000 kila moja ni 2,880,000 kwa mwaka. Kisha watu. Hapa ndipo bajeti nyingi huandika "watu wa kujitolea" na kuendelea mbele, na mimi nakataa kabisa kuandika hivyo. Kijana anayejitolea huja vizuri miezi mitatu, halafu hupata kazi au mtihani, na kituo kinafungwa saa ambazo watoto wameshazoea. Wakikuta kufuli mara mbili, hawaji mara ya tatu.

Hesabu ya wafanyakazi wa muda hufanywa kwa saa. Shule za msingi za Dar zenye wanafunzi wengi husomesha kwa mikondo miwili, kwa hiyo kuna watoto walio huru asubuhi na wengine jioni. Tufungue saa 3 hadi saa 5 asubuhi na saa 10 hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi saa sita mfululizo. Hizo ni saa 26 kwa wiki; kwa wiki 50 ni saa 1,300. Jumamosi mtu mmoja hatoshi, kwa hiyo ongeza saa 300 za mtu wa pili. Sasa ongeza zile zinazosahaulika: kusajili vitabu, kuvivalisha kava la nailoni, kushona vilivyokatika, kupiga simu kwa wazazi ambao kitabu hakijarudi. Saa moja kila siku ya kazi ni saa nyingine 300. Jumla ni 1,900, na kwa shilingi 2,500 kwa saa ni 4,750,000. Mchango wa mwajiri kwa NSSF, asilimia 10, unaifikisha 5,225,000.

Matunzo nayaweka 1,626,000. Humo kuna LUKU 360,000, maji na usafi 240,000, paa na dawa ya mchwa 300,000, uzi, gundi na kava 150,000. Kinachobaki, 576,000, ni cha kununua vitabu 72 vya kujazia, asilimia 12 ya vya mwanzo. Anayeazimisha nyumbani asidhani atapona na chini ya hapo. Karibu na bahari pini hushika kutu, kutu hula karatasi, na kurasa za kati hudondoka kabla jalada halijachakaa. Dawa yake ni kuzitoa pini mapema, kitabu kingali kipya, na kushona kwa uzi matundu matatu. Ndiyo maana saa ile ya ziada imelipiwa.

Jumla ya mwaka ni shilingi 9,731,000. Imezidi gharama yote ya kuanzisha, na zaidi ya nusu yake ni watu.

Ada ya uanachama huitwa kuja kuziba hapa, na haizibi. Tuseme wanachama 200 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni 2,400,000 kwa mwaka. Lakini likizo za Juni na Desemba hakuna anayelipa, na Januari mzazi ana sare na madaftari mbele yake. Wakilipa 120 kwa miezi tisa ni 1,080,000, sawa na asilimia 11 ya mahitaji. Ukiipandisha ada ili ilipe mishahara, utawafukuza walewale uliowafungulia mlango. Napendekeza kusoma ndani kuwe bure na ada iwe ya kuazima tu, ikusanywe kwa muhula badala ya mwezi, na iwe na kazi moja inayoeleweka: vitabu 72 vya kujazia na vifaa vya kuvitengeneza, ambavyo kwa pamoja ni 726,000. Hapo ada inatosha na kubaki, na mzazi anaona ilikokwenda.

Dhamana ya vitabu vinavyoazimwa ni jambo jingine. Wazazi 100 wakiacha 5,000 kila mmoja, una 500,000 ambazo si zako. Ni deni. Kituo kikizichanganya na ada kitazila mwezi wa njaa, na mzazi anayehama Mbagala atakapodai chake, kitamlipa kwa fedha ya vitabu. Namba ya simu ya malipo ya dhamana iwe tofauti na ya ada, na daftari lake liwe tofauti.

Linabaki pengo la 8,651,000. Mgahawa wa vitabu wa Soma, huko Mikocheni, umeweka kahawa na duka la vitabu pamoja na usomaji. Ni njia inayowezekana mahali ambapo wapita njia wana fedha ya kahawa. Mbagala ya ndani, punguzo kubwa linaloweza kupatikana ni kodi. Chumba cha shule, cha ofisi ya serikali ya mtaa, cha msikiti au kanisa kinafuta 2,880,000 kwa mkupuo, na pengo linashuka hadi 5,771,000. Lakini chumba cha bure kina mwenye ufunguo. Kabla ya kukubali, andikisheni kwa maandishi saa za kufungua, Jumamosi ikiwemo, na nani anabaki na vitabu chumba kikitakiwa kwa shughuli nyingine. Kikifungwa Jumamosi peke yake, umepoteza saa 6 kati ya 26, na ndizo zenye watoto wengi.

Fedha ya pengo inayobaki iwe imeahidiwa kwa miaka miwili kabla ya kununua kitabu cha kwanza. Ikipatikana ya mwaka mmoja tu, anza na nakala 300 na shelfu moja, kisha 2,400,000 zilizookolewa kwenye vitabu ziende kwenye saa za wafanyakazi wa mwaka wa pili. Na fundi wa paa aitwe Februari, kabla masika hayajaanza.