Wiki Saba Zilizozaa Miezi Sita

Barua ya kumwomba msimamizi aongeze muda wa utafiti huhukumiwa kwa kifungu chake cha pili. Cha kwanza kinaomba, na kuomba si kazi. Cha pili ndicho kinachopaswa kueleza jinsi ucheleweshaji mdogo ulivyogeuka kuwa mkubwa, na hapo ndipo barua nyingi huanguka. Hii ninayoisoma ni barua ya mfano. Mwombaji ni mwanafunzi wa uzamili anayechunguza ukaushaji wa omena katika fuo mbili za Kaunti ya Homa Bay, Sindo na Litare, akilinganisha omena walioanikwa kwenye vichanja na walioanikwa kwenye nyavu zilizotandazwa chini. Watu ni wa kubuni, ila ziwa na kalenda yake ni vya kweli.

Tuanze na sentensi yake ya kwanza baada ya “KUH:” na mstari wa kichwa: “Ninaomba tarehe ya kuwasilisha tasnifu isogezwe kutoka 30 Septemba 2025 hadi 31 Machi 2026.” Tarehe mbili, kitenzi kimoja, basi. Wengi wetu tulifundishwa kutanguliza salamu, hali ya afya na shukrani kwa malezi ya kitaaluma, na ombi likaja mwishoni kama mgeni anayebisha hodi usiku. Msimamizi mwenye wanafunzi kumi na wawili husoma aya hizo kwa jicho la kutafuta tarehe. Akipewa tarehe mapema, yanayofuata atayasoma kwa utulivu, kwa sababu anajua yanapima nini.

Sasa kifungu cha pili. Rasimu ya kwanza ilisema: “Kulitokea kuchelewa kwa vibali, hivyo kazi ya nyanjani haikukamilika kama ilivyopangwa.” Sentensi hii haina mtu wala siku. Mbaya zaidi, haina hesabu. Kibali kikichelewa wiki saba, kwa nini tasnifu ichelewe miezi sita? Msimamizi atauliza hivyo kabla hajafika nukta.

Jibu limo ziwani. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi aghalabu za betri, na samaki hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina nguvu na mavuno hupungua. Kwa hiyo mtafiti anayetaka omena wa kutosha wa kupima hana mwezi mzima. Ana wiki mbili hivi zinazozunguka mwezi mwandamo. Mpango wa awali uliegemea giza tatu, la 29 Januari, la 28 Februari na la 29 Machi 2025, na katika kila giza sampuli 24. Juu ya hayo kuna sheria: nchini Kenya uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki wazaliane.

Rasimu ya pili inaandika hivi: “Idhini ya kamati ya maadili ilitoka mwishoni mwa Februari, na kibali cha NACOSTI tarehe 10 Machi. Nilijitambulisha kwa Kamishna wa Kaunti wiki hiyo hiyo. Giza la Januari na la Februari yalikuwa yamepita. Giza la Machi lilikatizwa na kufungwa kwa uvuvi tarehe 1 Aprili, nikapata sampuli 16 kati ya 24. Giza linalofuata ambalo sheria inaruhusu ni la 23 Agosti.” Hapa umbo linabeba hoja. Sentensi ni fupi, kila moja ina tarehe yake, na ya mwisho inafunga mlango bila kulalamika. Msomaji anaona mwenyewe kwamba wiki saba ziligonga ukuta wa miezi minne.

Angalia pia kisichodaiwa. Mwombaji hasemi kwamba kufungwa kwa uvuvi kulimshtua. Angesema hivyo, angejichoma, kwa kuwa marufuku hiyo ilijulikana alipoandika pendekezo. Kilichokuwa nje ya mpango ni kibali, nayo marufuku ilifanya kosa la mpango kuwa ghali: hakukuwa na nafasi yoyote kati ya giza la tatu na tarehe 1 Aprili. Barua inakiri hilo kwa nusu sentensi. Inatosha. (Kuna fuo ambako omena huonekana hata Mei. Mtafiti aliyepewa kibali na serikali hawezi kupima samaki waliovuliwa kinyume cha sheria kisha aandike tarehe hizo kwenye jedwali.)

Ushahidi wa maendeleo nao una sarufi yake. “Nimepiga hatua kubwa” ni maneno yanayojisifu yenyewe. Barua hii inasema: sampuli 16 kati ya 72, sura tatu za kwanza zimerejeshwa kwako na masahihisho yako yameingizwa, fomu ya kupimia uzito imebadilishwa baada ya majaribio. Kumi na sita kati ya sabini na mbili ni chini ya robo, na ninampongeza kwa kuiacha nambari hiyo ikae peke yake bila kivumishi. Ameambatisha nakala ya fomu zilizojazwa, zikiwa na sahihi ya mwakilishi wa BMU ya ufuo. Karatasi hiyo moja ina uzito zaidi kuliko aya tatu.

Jedwali la hatua mpya ndilo lililohitaji kalamu nyekundu. Lilikuwa na mistari kama “Ukusanyaji wa data: Agosti hadi Oktoba” na “Uchambuzi: Novemba.” Haya ni majina ya shughuli, na shughuli haina siku ya kuisha. Hatua lazima iwe kitu ambacho msimamizi anaweza kukishika au kukikosa: “Sampuli 24 za giza la Agosti zimeingizwa kwenye jedwali la data, 5 Septemba.” “Sampuli 24 za giza la Septemba, 3 Oktoba.” Kisha hesabu inadai ukweli: 16 na 24 na 24 ni 64, si 72. Rasimu ya kwanza ililifunika pengo hilo. Ya pili inaandika kwamba sampuli 8 zilizobaki zitachukuliwa katika giza la 21 Oktoba, na kwamba mvua ikizuia, uchambuzi utaendelea na 64. Rasimu ya sura ya nne inafika kwa msimamizi 15 Desemba, zikiwa zimebaki wiki kumi na tano za masahihisho.

Kuna kasoro ambayo hata rasimu ya pili haikuiona. Inasema “muundo wa utafiti haubadiliki.” Unabadilika. Mpango wa awali uliweka giza mbili katika Januari na Februari, kabla ya masika. Sasa sampuli za Machi zilianikwa masika yakianza, za Agosti na Septemba zitaanikwa katika hewa kavu zaidi, na za Oktoba huenda zikakutana na vuli. Kwa mtu anayepima ukaushaji, hali ya hewa imo ndani ya jibu lenyewe. Vichanja vinaweza kuonekana bora kwa sababu tu ya mwezi ambao omena walianikwa. Tiba ni sentensi mbili: kwamba vichanja na nyavu vitapimwa siku ile ile katika ufuo ule ule, na kwamba mvua na unyevu vitaandikwa kwa kila sampuli. Bila hizo, msimamizi atatoa muda na mtahini ataukataa utafiti.

Kuhusu vibali, mwombaji amefanya vizuri kutaja kwamba cha NACOSTI ni cha mwaka mmoja, hivyo kazi yote ya ufuoni itamalizika kabla hakijaisha Machi 2026. Idhini ya maadili inaisha kabla yake kidogo, naye amesema ataihuisha Januari. Wengi husahau, wakaongezewa muda na chuo huku karatasi ya kuingilia uwanjani imeshakufa.

Mwisho wa barua una “Natanguliza shukrani zangu za dhati kwa kulishughulikia ombi langu.” Ningeifuta na kuandika: “Naomba jibu kabla ya 1 Agosti, ili niwaarifu viongozi wa fuo kabla ya giza la Agosti.” Msimamizi aliyeandikiwa hatachukia. Barua imeandikwa 14 Aprili, wiki mbili tu baada ya ziwa kufungwa, na ana miezi mitatu na nusu ya kuipeleka mbele ya kamati ya idara.