Swali Linaloingia Hadi Uani

Ganda la ndizi halidumu chini katika ua wa Ujiji. Mbuzi hulidaka kabla aliyelimenya hajaosha kisu. Chupa ya maji ya plastiki husuuzwa na kuanikwa, kwa kuwa kesho itatiwa mawese na kupelekwa sokoni. Makapi yaliyobaki baada ya kukamua mawese huwashia jiko. Utumbo wa migebuka ni haki ya bata na paka. Ndipo anapobisha hodi kijana mwenye karatasi, anakaribishwa kigoda, na baada ya salamu anauliza: "Mama, je, kaya hii hutenganisha taka?" Mama anafikiri kidogo, anajibu, "Hapana." Kijana anaweka tiki na kuhamia swali la pili.

Mama hakusema uongo. Kwake taka ni kile kinachobaki baada ya mbuzi, bata, jiko na soko kuchukua chao. Aliyekosea ni mtunga dodoso, aliyeleta neno la ofisini na kulitua uani bila kuuliza wenyeji wanalitumiaje. Kosa hilo halitaonekana kwenye jedwali. Jedwali litasema kwa utulivu kabisa kwamba kaya nyingi za Kigoma hazitenganishi taka, na mtu atapanga mafunzo ya kuwafundisha kazi wanayoifanya kila siku.

Kwa hiyo fundi wa dodoso haanzi na maswali. Huanza kwa kukaa uani. Kwa siku kadhaa huenda kwenye kaya chache, labda 10 au 15, akiomba asimuliwe safari ya kila kitu kilichoingia ndani jana: dagaa, mkaa, unga, sabuni, maji ya chupa. Kila kitu kilikuja ndani ya nini, na hicho kilichokibeba kiko wapi sasa? Hapo ndipo anaposikia maneno yatakayoingia kwenye karatasi: shimo, jalala, korongo, mfereji, na "rambo" kwa mfuko wa plastiki. Pia hugundua kwamba mifuko hiyo huzungumzwa kwa sauti ya chini kidogo, maana imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019.

Sensa ya 2012 ilipouliza habari za taka, ilitaka njia kuu moja ya kaya kuziondoa: kuzolewa, kuchomwa, kufukiwa, kutupwa. Kwa sensa hilo linaeleweka. Haiwezi kukaa saa nzima katika kila nyumba ya nchi. Lakini kaya moja ya Mwanga, Kigoma, huweza kuchoma karatasi, kufukia majivu, kumpa mbuzi maganda na kusubiri mvua kwa yaliyosalia, yote katika juma moja. Neno "kuu" huyafuta matatu na kubakiza moja, na mara nyingi linalobaki ni lile lenye heshima kuliko mengine.

Dodoso linalotaka kujua tabia huuliza tukio, haliulizi desturi. "Huwa mnafanyaje?" humwalika mhojiwa ajieleze kama angependa kuonekana. "Mara ya mwisho taka zilipotoka humu ndani ilikuwa lini? Nani alizibeba? Alizipeleka wapi?" ni maswali matatu mafupi yenye majibu ambayo mtu anayakumbuka. Swali la nani alizibeba lina faida nyingine. Wahojaji wengi humtafuta mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya anaweza kuwa hajagusa ndoo ya taka kwa miaka. Anayejua njia ya kuelekea korongoni ni binti wa miaka 12. Basi baba ataulizwa kuhusu ada ya kuzolea taka, na aliyebeba ndoo ataulizwa ndoo ilimwagwa wapi. Akiwa mtoto, kwa ridhaa yake na ya mzazi aliyeketi karibu.

Sasa, nyumba zipi zibishwe hodi? Manispaa ya Kigoma Ujiji ina kata 19 na, kwa Sensa ya 2022, watu zaidi ya 230,000. Hakuna haja ya kuwafikia wote. Ukitaka makadirio yasiyopishana na ukweli kwa zaidi ya asilimia 5 katika mara 95 kati ya 100, hesabu ya kawaida ya watakwimu inadai kaya 384 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, moja huku, moja kule. Ila kuzitawanya hivyo mji mzima ni kumaliza viatu na nauli. Ndiyo maana huchaguliwa maeneo kwanza, kisha kaya kadhaa ndani ya kila eneo, na hapo kuna gharama: majirani hufanana. Wanaotumia jalala moja watatoa majibu yanayokaribiana, hivyo kaya ya kumi na mbili katika mtaa uleule haileti habari mpya kama ya kwanza. Kwa kaya 12 kila eneo na mfanano mdogo tu wa majirani, tuseme 0.05, ile 384 huzidishwa kwa 1.55 na kufika 595. Maeneo 50 yenye kaya 12 kila moja hutoa 600. Anayejivunia kaya 600 kutoka mitaa mitatu amehoji mitaa mitatu, basi.

Ziwa Tanganyika nalo lina madai yake. Wanaoishi kwenye mialo, kama Kibirizi, wana taka zao na njia zao, lakini ni wachache wakilinganishwa na mji mzima. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ni kaya moja kati ya kumi. Bahati nasibu ya haki itawapa maeneo 5, yaani kaya 60, idadi ndogo mno kwa kusema lolote la uhakika juu yao. Fundi huwapa maeneo 15, kaya 180, na kubakiza 420 za bara. Je, ikiwa kaya 108 za mwaloni na 84 za bara zitasema kwamba taka zao za mwisho ziliishia ziwani au mferejini? Mvivu atajumlisha 192, agawe kwa 600, atangaze asilimia 32. Mwenye kujua kazi atakumbuka kwamba aliwazidishia watu wa mwaloni kwa makusudi. Asilimia 60 yao ataihesabu kwa uzito wa moja ya kumi, na asilimia 20 ya bara kwa uzito wa tisa ya kumi, apate 24. Tofauti hiyo ya asilimia 8 haikutoka kwa wananchi. Ilitoka kwenye kalamu.

Ndani ya eneo lililochaguliwa, kishawishi cha kwanza ni kuchukua orodha kwa mwenyekiti wa mtaa. Orodha husaidia, lakini mara nyingi humjua mwenye nyumba na kumsahau mpangaji. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili inaweza kubeba kaya nne chini ya bati moja. Kwa hiyo kabla ya kumhoji yeyote, watu wawili huzunguka eneo lote na kuandika upya, wakihesabu majiko badala ya milango, kwa kuwa kaya ni wale wanaokula chungu kimoja. Wakipata kaya 96 na kuhitaji 12, huruka nane nane kuanzia namba iliyookotwa kwa kura. Aliyechaguliwa asipokuwepo, hurudiwa mara tatu kwa saa tofauti. Jirani aliyekaa barazani bila kazi habadilishwi naye, hata awe mkarimu vipi. Wanaopatikana nyumbani saa nne asubuhi si sampuli ya mji. Ni sampuli ya wanaopatikana nyumbani saa nne asubuhi.

Kigoma ina kalenda inayolifanya jambo hilo kuwa zito zaidi. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza, na hupumzika mbalamwezi inapong'aa. Dodoso likizunguka Kibirizi wakati wa giza, wanaume wako majini au wamelala, na wanawake wako mchangani wakianika. Likija wakati wa mbalamwezi tu, litakuta kaya zimejaa watu lakini dagaa hakuna, na taka za msimu huo hazifanani na za juma lililotangulia. Dawa ni kuigawa kazi katika mwezi mzima wa mwandamo. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Aliyepima taka za mwaloni katika miezi hiyo alipima mwalo mwingine kabisa. Tena kuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Ukiuliza siku inayofuata, kila ua umefagiliwa na kila mtu ana jibu safi.

Hofu pia hupinda majibu. Kuna sheria ndogo, kuna faini, kuna bwana afya. Mhojaji akifika ameongozana na kiongozi wa mtaa, amevaa kizibao cha kung'aa na kubeba faili, amekwisha kujibiwa kabla hajauliza. Kibali huonyeshwa kwa kiongozi mapema, utambulisho hufanywa, kisha mhojaji huendelea peke yake, na asiwe mwenyeji wa mtaa huohuo.

Kwa swali linalochoma zaidi, lipo wazo la Stanley Warner, mtafiti wa Marekani aliyeandika mwaka 1965 juu ya namna ya kuuliza bila kumjua mkosaji. Namna moja iliyokuja kutokana na wazo hilo hutumia kurusha sarafu, lakini barazani Ujiji sarafu inaweza kuonekana kamari, kwa hiyo afadhali maharage: mekundu 10 na meupe 10 ndani ya kifuko. Mhojiwa huchota moja bila kumwonyesha mtu. Jekundu, aseme "ndiyo" tu. Jeupe, aseme kweli kama katika mwezi uliopita kaya ilimwaga taka mferejini mvua ikinyesha. Kati ya 600, tuseme 390 wamesema ndiyo. Takriban 300 ni za maharage mekundu. Zinabaki 90 kati ya 300 waliochota meupe, yaani asilimia 30, na hakuna awezaye kumnyooshea mtu kidole. Gharama yake ni kwamba makadirio hulegea, kwa kuwa nusu ya majibu hayana habari. Na asiyeuelewa mchezo atauvuruga, hivyo lazima ajaribu kwanza kwa swali lisilo na madhara.

Hata hivyo mdomo una mipaka yake. Huko Tucson, Arizona, mwanaakiolojia William Rathje alianza mwaka 1973 kuchambua taka za nyumba na kuzilinganisha na yale watu waliyosema kwenye mahojiano; chupa na makopo ya bia yalikuwa mengi kuliko bia iliyokiriwa. Kigoma hakuna haja ya maabara. Wakati wa majaribio, kaya kama 30 hupewa mifuko kwa siku nane, na mfuko wa siku ya kwanza hautiwi hesabuni kwa kuwa umebeba viporo vya siku zisizojulikana. Mifuko saba hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza, kisha humwagwa juu ya turubai na kugawanywa mafungu.

Fungu linaloweza kuwashangaza wahojaji ni la majivu na mchanga. Ni zito, na dodoso halikulitaja popote, maana hakuna aliyefikiria kwamba ua unaofagiliwa kila alfajiri hutoa taka pia. Toleo la pili la karatasi linaongezewa mstari, kabla ya maswali ya jikoni: "Leo asubuhi nani alifagia, na alichozoa alikimwaga wapi?"