Mstari Usio Mwembamba: Uhakiki wa Maelezo ya Upana wa Mistari ya Spektra na Upimaji wa Shaba Wilayani Kasese

Utangulizi

Maelezo ya Kiswahili kuhusu spektra za atomi huanza, aghalabu, kwa kulinganisha mistari ya elementi na alama za vidole: kila elementi ina mistari yake, na anayeuona mstari ameitambua elementi. Ulinganisho huu unafaa kwa kutambua, lakini haufai kwa kupima. Alama ya kidole hujibu swali la nani. Haijibu swali la kiasi gani. Makala haya yanadai kwamba, katika upimaji, lililo muhimu zaidi ni upana wa mstari, na kwamba istilahi tunazotumia kuueleza upana huo zinampotosha msomaji.

Mfano wetu ni shaba ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba katika miaka ya 1950 na ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Makapi yake yaliachwa katika bonde la mto Nyamwamba, ambao humwaga maji yake upande wa Ziwa George, na mafuriko ya mwaka 2013 na 2020 yaliupitia bonde hilo hilo. Bwera, iliyo mpakani na Kongo karibu na mto Lhubiriha, haimo katika bonde la Nyamwamba. Mtafiti anayetaka kujua mchango wa mgodi anaweza kulinganisha maji ya pande hizo mbili. Swali letu ni kama tofauti atakayoiona ni ya mito au ya chombo.

Istilahi tatu na uzito wake

Njia iliyozoeleka ni kuyapuliza maji katika mwali wa hewa na asetilini, kuupitishia mwali huo mwanga wa taa ya shaba, na kupima mwanga uliofyonzwa. Mstari unaotumika una urefu wa wimbi wa nanomita 324.75.

Istilahi ya kwanza ni upanukaji wa asili. Atomi ya shaba iliyosisimuliwa hukaa katika hali hiyo kwa takriban nanosekunde 7, na kwa kuwa muda huo una kikomo, nishati ya mwanga wake haiwezi kuwa moja kamili. Tukikokotoa, upana unaotokana na sababu hii ni kama pikomita 0.008, pikomita moja ikiwa sehemu ya elfu ya nanomita. Ya pili ni upanukaji wa Dopla: atomi zinazokimbilia taa na zinazoikimbia hufyonza mawimbi yaliyotofautiana kidogo. Kwa shaba katika mwali wa kelvini 2500, upana huo ni kama pikomita 1.5, yaani karibu mara 190 ya ule wa kwanza. Ya tatu ni upanukaji wa kanieneo: molekuli za mwali huzigonga atomi na kuvuruga ufyonzaji wake kabla haujakamilika. Katika kanieneo ya kawaida ya hewa, mchango wake unakaribia ule wa Dopla, na kwa pamoja sababu hizi mbili hufikisha upana kwenye pikomita 2 hivi.

Hapo ndipo istilahi zinapokosea. Neno asili humfanya msomaji wa Kiswahili adhani kwamba hicho ndicho chanzo cha upana na kwamba mengine ni nyongeza. Takwimu zinasema kinyume: katika mwali, upana wa asili hauonekani kabisa. Neno kanieneo nalo humfanya afikiri atomi imebanwa, ilhali kinachotokea ni kugongwa. Tungesema upana wa muda wa uhai, upana wa mwendo na upana wa migongano, kila jina lingetaja kitendo, na msomaji angeweza kukisia mwenyewe ni kipi kitakachotawala mahali penye joto na msongamano.

Hata orodha ya sababu tatu haitoshi kwa shaba. Kiini cha atomi yake kina usumaku, nao huugawa mstari wa nanomita 324.75 kuwa vilele viwili vilivyoachana kwa takriban pikomita 4. Mgawanyiko huu unazidi upana wa Dopla wenyewe, na haumo katika sababu tatu zinazofundishwa.

Kwa nini taa ni muhimu kuliko kichujio

Kifaa kinachochagua mwanga katika mashine za kawaida hupitisha kipande cha mamia ya pikomita. Tuchukue 500. Kama taa ingetoa mwanga wa rangi zote, atomi zingeweza kuondoa pikomita 4 tu hivi kati ya hizo 500, na upungufu usingefika asilimia 1 hata kama shaba ni nyingi. Alan Walsh wa Australia alionyesha mwaka 1955 namna ya kuepuka kikwazo hiki: taa yenyewe itengenezwe kwa shaba, iwe na gesi ya kanieneo ndogo na joto la chini. Kwa kelvini 500, upana wa Dopla wa kila kilele cha taa ni kama pikomita 0.65. Migongano ni michache, na vilele vyake vinaangukia juu ya vilele vya mwali. Mstari mwembamba wa taa unapimwa katikati ya mstari mpana wa mwali, na kichujio kinabaki na kazi ya kuzuia mistari mingine tu.

Kosa huanza mkondo wa umeme wa taa unapoongezwa ili mwanga uwe mkali. Taa hupata joto na mstari wake hupanuka. Zaidi ya hayo, atomi baridi zilizo mbele ya kathodi hufyonza katikati ya mstari na kuacha kingo. Mwanga wa kingo haukutani na ufyonzaji mkubwa, kwa hiyo sehemu yake hupita hata shaba inapozidi. Mchoro wa ulinganishaji, uliokuwa mnyoofu, hupinda kuelekea chini.

Tutoe mfano wa kubuni. Sampuli sanifu za miligramu 1 na 2 kwa lita zinatoa ufyonzaji wa 0.06 na 0.12. Maji yaliyochuruzika kutoka kwenye makapi yana miligramu 10, lakini kwa sababu ya kupinda yanatoa 0.50 badala ya 0.60. Anayeurefusha mstari mnyoofu ataandika 8.3. Maji ya Bwera, yakiwa na shaba kidogo, hayataguswa na kosa hili. Uchafu wa upande wa mgodi umepunguzwa kwenye karatasi, na pengo kati ya mabonde mawili limefinywa na taa.

Kosa hili hugundulika kirahisi. Sampuli yenye shaba nyingi ichanganywe na maji safi mara 5, ipimwe tena, na jibu lizidishwe kwa 5. Jibu la pili likizidi la kwanza, mchoro ulikuwa umepinda. Kisha sampuli sanifu zipimwe kwa mikondo miwili ya taa: mteremko ukishuka mkondo unapopanda, mstari wa taa umepanuka.

Hitimisho

Jedwali la shaba linalotaja jina la mashine na urefu wa wimbi peke yake halijamwezesha mshauri wa sera kuamua lolote. Anapaswa kudai mambo matatu: mkondo wa taa uliotumika, kiwango cha juu cha sampuli sanifu, na matokeo ya jaribio la kuzimua. Kwa upande wetu wataalamu wa lugha, tukiendelea kuuita upana usioonekana kuwa ndio wa asili, hatutakuwa tumempa msomaji sababu ya kuyauliza.