Kioo Laini na Mkono wa Fundi

Friedrich Mohs, mjuzi wa madini wa Kijerumani, alipopanga mnamo mwaka 1812 daraja kumi za ugumu, kila jiwe likikwaruza lililo chini yake, alituachia mizani ambayo kwayo vioo vya saa hupimwa hata leo: yakuti ya kiwandani imekaa daraja la 9, chini ya almasi peke yake, kioo cha madini, ambacho kwa asili yake ni jamaa wa kioo cha dirisha, huwa baina ya 5 na 6, na akriliki, ambayo ni plastiki, hukaribia 3. Na kwa kuwa chembe za mchanga zilizomo katika vumbi hufika 7, ni dhahiri kwa nini vioo viwili vya chini hukwaruzika kwa kupanguswa tu na kitambaa kikavu, ilhali yakuti husalimika.

Walakini ugumu si uimara. Yakuti ikiangukia sakafu ya mawe yaweza kuvunjika vipande vipande, hali akriliki aghalabu hupinda au hupata ufa pasipo kumwaga vigae. Na saa za Omega Speedmaster walizokwenda nazo wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 zilikuwa na kioo cha akriliki.

Fauka ya hayo, kilicho laini ndicho kitengenezekacho. Yakuti haikubali kusuguliwa ila kwa unga wa almasi, na kioo cha madini hudai unga wa seriamu na saa nyingi za subira, hata mafundi wengi huona nafuu kukibadilisha. Bali akriliki humtii fundi. Kwanza huufunika ukingo wa chuma kwa utepe wa karatasi, akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo: usiponasa, jeraha ni la juujuu, ukinasa, hana budi kuanza na msasa laini uliolowanishwa, namba 1000 kisha 2000, mpaka mkwaruzo umezwe na ukungu mweupe ulioenea sawasawa. Hapo hutia tone la dawa ya kung'arishia plastiki, au hata dawa ya meno ya kawaida, akasugua kwa pamba kwa mizunguko midogo, akipumzisha mkono kila kioo kinapopata joto, kwani joto hulainisha plastiki na kuiharibu. Kisha hupangusa, akakielekeza kwenye nuru, akarudia.

Na hadhari yake ni hii, kwamba kila msuguo huondoa sehemu ya kioo chenyewe, basi akikazania mahali pamoja atachimba bonde, na namba za saa zitaonekana zimepinda. Wala ufa hauondoki kwa kusuguliwa, bali hutaka kioo kipya. Kwa hiyo asiyetaka kukihudumia kioo chake na achague yakuti. Lakini atakaye saa ambayo uso wake waweza kurudishwa kwa mikono yake mwenyewe, mara nyingi katika umri mmoja, hatapata kilicho bora kuliko akriliki.