Rufaa ya profaili ya biashara iliyosimamishwa Himbi

Google inaposimamisha profaili ya biashara, biashara huweza kutoweka kwenye ramani na kwenye matokeo ya utafutaji, na barua pepe inayofuata hutaja kanuni kwa ujumla bila kuonyesha ni neno gani au picha gani iliyoleta shida. Mwenye nyumba ya wageni mtaani Himbi, Goma, anayejua kwamba hajamdanganya mtu yeyote, huisoma barua hiyo kama tuhuma, naye hukimbilia kueleza uaminifu wake na miaka aliyofanya kazi. Maelezo hayo hayamsaidii. Rufaa haichunguzi tabia ya mtu. Inalinganisha vitu vitatu, yaani kilichoandikwa kwenye profaili, kilichoandikwa kwenye hati za biashara, na kinachoonekana mlangoni. Vitatu hivyo vikipishana, biashara ya kweli kabisa hufanana na ya kubuni, na katika mji kama Goma njia za kupishana ni nyingi.

Tuichukue nyumba hiyo ya wageni kama mfano wa kufanyia kazi. Kwenye kibao imeandikwa jina fupi. Kwenye profaili, ili wageni waipate upesi, jina hilo limeongezewa maneno kama vyumba, mgahawa, karibu na ziwa, Himbi, Goma. Kanuni za Google zinataka jina lile lile ambalo biashara inalitumia mitaani, bila nyongeza ya kujitangaza, kwa hiyo hapo tayari kuna kosa la kweli hata kama biashara yenyewe ni halali. Kisha inakuja anwani. Watu wa Goma huelekezana kwa alama: nyuma ya shule fulani, mkabala na kituo fulani. Mwenye nyumba ameandika hivyo hivyo kwenye profaili, ilhali hati ya RCCM, yaani usajili wa biashara, inataja avenyu, nambari ya kiwanja, mtaa wa Himbi na komini ya Goma. Pengine pia RCCM imetolewa kwa jina la mmiliki kama mtu binafsi, na jina la kibiashara limewekwa kwenye mstari wake wa chini. Anayekagua kutoka mbali hawezi kukisia kwamba majina mawili na anwani mbili ni za mlango mmoja.

Ndiyo maana marekebisho hutangulia rufaa. Jina lirudishwe kama lilivyo kwenye kibao, anwani iandikwe kama ilivyo kwenye hati, alama ya ramani isogezwe hadi juu ya paa lenyewe. Baada ya hapo nyaraka zikusanywe kwenye folda moja kabla ya kufungua chombo cha rufaa, kwa sababu mwombaji akishatuma rufaa hupewa dakika 60 tu za kuambatisha ushahidi. Kwa mtandao unaokatika na umeme usiotabirika, saa hiyo ni fupi mno kwa mtu anayeanza tu kutafuta hati kabatini. Google hupokea usajili wa biashara, leseni, cheti cha kodi, au ankara ya umeme, maji, simu au intaneti, mradi jina na anwani vilingane na profaili. Ankara ndiyo inayosumbua zaidi: mara nyingi imeandikwa jina la mwenye kiwanja, na pale umeme unapolipiwa kabla ya kutumika, risiti huweza kuonyesha nambari ya mita bila anwani yoyote. Katika hali hiyo ni afadhali kutegemea RCCM na hati ya kodi, na kuongeza picha ya kibao kilichofungwa ukutani pamoja na mlango, iliyopigwa kwa upana ili barabara ionekane.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba kurekebisha ni kukiri kosa. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito mahakamani. Hapa mkaguzi huangalia profaili ilivyo siku anapoifungua, kwa hiyo kuacha jina lenye nyongeza ili kulinda heshima ni kumpa sababu ya kukataa. Wengine huona njia fupi ni kufungua profaili mpya. Lakini profaili hiyo ya pili huonekana nakala ya ile iliyosimamishwa, inaweza kusimamishwa nayo, na maoni ya wageni hubaki yamefungiwa kwenye ya kwanza. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la haki: kwa nini mzigo wa kuthibitisha umwangukie aliyekosewa, tena katika mji ambao hati zake hazikutengenezwa kwa ajili ya fomu za mbali? Nakubaliana nalo. Orodha ya hati inayodhani kila mlango una ankara yenye anwani inamwadhibu mfanyabiashara wa Himbi kwa jambo lisilo mikononi mwake, na Google ingepaswa kutaja neno lililokiuka kanuni badala ya kumwachia mtu akisie. Lakini malalamiko hayo hayana nafasi kwenye fomu. Rufaa ikikataliwa, mwenye profaili anaweza kuomba uhakiki wa ziada. Hapo kurudia ushahidi ule ule hakutabadilisha kitu. Atafute kwanza hati iliyopishana na profaili. Kama ni RCCM yenye anwani ya zamani, kazi inayofuata ni kuirekebisha kwenye ofisi ya usajili, na ombi litumwe baada ya hati mpya kutoka.